Slipu ya benki yenye muhuri: namna ya kuisoma ujue fedha ziliwekwa kweli

Mweka hazina wa kikundi akitoka benki, fedha zimebaki kule na yeye anarudi na kipande cha karatasi. Kipande hicho ndicho wanachama wataonyeshwa, ndicho mkaguzi atakidai mwisho wa mwaka, na ukitokea ugomvi ndicho kitakachopelekwa mbele ya meneja wa tawi au hakimu. Wengi hukitazama sehemu moja tu: kama kina muhuri. Wakiuona muhuri wanaridhika. Hilo halitoshi, na mwongozo huu unaeleza kwa nini, kisha unaonyesha namna ya kukisoma kipande kizima.

Muhuri peke yake ni alama ya wino, na fundi wa mihuri anaweza kuchonga unaofanana nao. Kinachoipa slipu nguvu ni kwamba ni kumbukumbu moja kati ya kadhaa zilizotengenezwa kwa tukio lilelile, kila moja ikikaa mahali pake. Nakala halisi imebaki benki. Mfumo wa benki una ingizo lenye namba yake. Keshia amefunga hesabu ya droo yake jioni ile. Akaunti yenu nayo imeongezeka. Anayetaka kudanganya kwa slipu anaweza kuharibu karatasi aliyo nayo mkononi, lakini hizo nyingine hazifikii. Kwa hiyo kazi ya msomaji wa slipu ni kutafuta kila kitu kwenye karatasi kinachoiunganisha na kumbukumbu asizoziona.

Kwanza, ijue karatasi yenyewe

Slipu za kuweka fedha taslimu zina maumbo mawili makuu. La kwanza ni karatasi moja yenye mstari wa matundu madogo unaoigawa: upande mkubwa unabaki benki, na kipande chembamba cha pembeni kinachanwa na kurudi kwa mteja. La pili ni karatasi mbili au tatu zilizopangwa pamoja, za juu zikichapa maandishi kwenye za chini kwa kaboni. Ya juu, iliyoandikwa kwa kalamu, inabaki benki. Mteja anapewa ya chini.

Tofauti hii si ndogo. Kwenye slipu ya kaboni, unachoandika juu ndicho kinachotokea chini, hivyo nakala mbili haziwezi kuzaliwa na tarakimu tofauti. Kwenye slipu ya kuchana, unaandika mara mbili: upande wa benki na upande wako. Hapo ndipo ulipo mlango wa udanganyifu mmoja wa zamani sana. Mtu anaandika 400,000 upande wa benki na 900,000 kwenye kipande chake, anatoa laki nne, na keshia mwenye foleni ndefu anagonga muhuri pande zote mbili bila kuzilinganisha. Muhuri ni halali, saini ni halali, na kipande kinasema uongo. Kama benki yenu bado inatumia slipu za kuchana, msikubali kipande kisichokuwa na mstari uliochapwa na mashine. Nitaueleza mstari huo hivi punde.

Kuijaza kabla ya kufika dirishani

Jina la akaunti na namba yake huandikwa vyote viwili, maana keshia anavitumia kuhakikiana: akiingiza namba, mfumo unamletea jina, naye analitazama kama linafanana na lililoandikwa. Namba ikikosewa tarakimu moja na jina likawa halikuandikwa, fedha zinaweza kuingia kwa mtu mwingine, na slipu yenu itathibitisha kikamilifu kwamba mliweka kwenye akaunti isiyo yenu.

Sehemu ya mchanganuo wa noti ndiyo inayopuuzwa zaidi, na kwangu ndiyo yenye thamani kubwa kuliko zote zinazojazwa kwa mkono. Hapo unaandika noti za elfu kumi ni ngapi, za elfu tano ngapi, hadi sarafu. Mtu akitaka kuibadili jumla baadaye, itambidi abadili pia idadi ya noti na thamani yake, na vyote vitatu viendelee kukubaliana kihesabu. Kila badiliko linaongeza nafasi ya kuonekana.

Kiasi kwa maneno kianze mwanzoni kabisa mwa mstari, maneno yasiachiane nafasi, kimalizike na neno "tu", kisha nafasi iliyobaki ipigwe mstari hadi mwisho. Kiswahili kina hatari yake hapa. Ukiandika "milioni mbili" ukaacha pengo halafu "elfu themanini na tano", pengo hilo linatosha kabisa kwa "laki tatu". Utaona baadaye kwenye mfano kwamba sikuitunga hatari hii ili kupamba maelezo.

Mwisho, jaza jina la anayeweka fedha, namba yake ya simu, na maelezo mafupi ya malipo, kwa mfano "michango ya Machi". Maelezo hayo mara nyingi hujitokeza kwenye taarifa ya akaunti, nayo yanarahisisha kuutambua muamala miezi sita baadaye.

Kinachofanyika upande wa pili wa kioo

Keshia anahesabu fedha, kwa kawaida kwa mashine, na anachunguza noti za bandia. Analinganisha alichohesabu na mchanganuo wako. Vikitofautiana, atakuambia. Hapo usikubali afute na kuandika juu ya tarakimu zako. Omba slipu mpya uijaze upya. Slipu yenye makovu kwenye kiasi itakuletea maswali hata kama wewe na keshia mlikuwa wakweli.

Vikilingana, anaingiza muamala kwenye mfumo. Mfumo unaupa namba ya kumbukumbu. Kisha, kwenye benki nyingi, slipu inaingizwa kwenye printa ndogo iliyo pembeni mwa keshia, nayo inachapa mstari mmoja au miwili: tarehe, saa, namba au jina la mtumiaji la keshia, namba ya tawi, namba ya kumbukumbu, akaunti na kiasi. Benki nyingine hazichapi kwenye slipu. Zinatoa karatasi tofauti yenye habari hizohizo, inayobanwa pamoja na slipu. Baada ya hapo ndipo muhuri unagongwa, ukiwa na jina la benki, tawi, tarehe, na mara nyingi namba ya keshia, na keshia anatia saini yake fupi.

Usiondoke dirishani kabla ya kusoma mstari wa mashine. Ni jambo la sekunde kumi. Tazama kiasi, tazama akaunti, tazama tarehe. Kosa likionekana ungali umesimama hapo, keshia anaufuta muamala na kuuingiza upya, na hesabu ya droo yake inabaki sawa. Likionekana baada ya wiki mbili, linahitaji barua.

Muhuri unasema nini, mstari wa mashine unasema nini

Muhuri unasema kwamba mtu aliye na kifaa cha tawi fulani aliipokea karatasi hii tarehe fulani. Hausemi kiasi. Kiasi kimeandikwa na mteja mwenyewe, kwa mkono wake. Wengi hawajaliwaza hili: kwenye slipu yenye muhuri tu, tarakimu muhimu kuliko zote ziliandikwa na mtu yuleyule ambaye slipu inapaswa kumthibitisha.

Mstari wa mashine ndio unaosema kiasi kwa sauti ya benki. Umetoka kwenye mfumo baada ya muamala kuingizwa, na namba yake ya kumbukumbu inaweza kutafutwa na karani yeyote mwenye ruhusa, hata miaka kadhaa baadaye. Ndiyo sababu slipu yenye muhuri lakini isiyo na mstari wala karatasi ya mashine, kutoka tawi ambalo kwa kawaida huchapa, ni ya kutiliwa shaka. Inaweza kuwa muhuri ni wa kuchonga. Inaweza pia kuwa keshia mwenyewe alipokea fedha, akagonga muhuri, na hakuingiza chochote kwenye mfumo. Katika hali hii ya pili mweka hazina hana kosa, na slipu yake ndiyo silaha ya kikundi dhidi ya benki, kwa sharti kwamba muhuri uthibitike kuwa wa tawi lile.

Tarehe nayo isomwe kwa kalenda mkononi. Muhuri wa Jumapili au sikukuu, kwa tawi lisilofunguliwa siku hizo, unajieleza. Kinyume chake, tarehe ya muhuri kuitangulia tarehe ya taarifa ya akaunti kwa siku moja si lazima iwe kosa: fedha zilizowekwa baada ya tawi kufunga hesabu zake zinaweza kuandikwa kwenye siku ya kazi inayofuata. Lakini zikipita siku nne au tano bila ingizo, uliza.

Mfano: shilingi laki tatu zilizopotea

Chukulia kikundi cha akiba na mikopo cha Morogoro. Kilikutana Jumapili, tarehe 10 Machi 2024, na daftari la michango likafungwa kwa shilingi 2,385,000. Mweka hazina alikwenda benki Jumatatu, tarehe 11. Kwenye mkutano wa Aprili alionyesha slipu ya kaboni yenye muhuri wa tarehe hiyo, kiasi 2,385,000. Mambo yakaisha. Mwezi Mei katibu akachukua taarifa ya akaunti, akakuta tarehe 11 Machi kumeingia 2,085,000. Zimepungua laki tatu kamili.

Hatua ya kwanza ni kutomshutumu mtu. Hadi hapa kuna maelezo matatu yanayowezekana: mweka hazina aliweka pungufu na kubadili slipu, keshia alipokea fedha zote akakosea kuingiza, au keshia alipokea zote akachukua laki tatu. Slipu ileile, ikisomwa vizuri, inatenganisha la kwanza na mengine mawili.

Katibu anaanza na mchanganuo. Kwenye slipu umeandikwa noti 187 za elfu kumi, 71 za elfu tano, 58 za elfu mbili, 39 za elfu moja, na sarafu za 5,000. Anapiga hesabu: 1,870,000, na 355,000, na 116,000, na 39,000, na 5,000. Jumla ni 2,385,000. Inakubali, kwa hiyo bado hajajua.

Kisha anajiuliza: kama kiasi halisi kilikuwa 2,085,000, mchanganuo ungekuwaje? Laki tatu ni noti 30 za elfu kumi. Zingekuwa 157 badala ya 187, na thamani yake 1,570,000 badala ya 1,870,000. Hapo picha inafunguka. Tano inageuzwa nane kwa kuongeza kimkunjo kimoja au viwili. Sifuri inageuzwa tatu kwa ufundi zaidi kidogo. Mabadiliko matatu tu ya kalamu, na slipu nzima inakubaliana tena kihesabu.

Sasa anaiinamisha slipu kwenye mwanga wa dirisha. Maandishi ya nakala ya mteja yote yanapaswa kuwa ya kaboni: rangi moja, kingo zilizofifia kidogo, yenye mkandamizo uliotoka karatasi ya juu. Kimkunjo kilichoongezwa baadaye kitakuwa wino wa kalamu uliokaa juu ya karatasi, wenye kingo kali na mng'ao tofauti. Ukipitisha kidole upande wa nyuma, utaweza kuhisi kalamu ilikobonyeza moja kwa moja. Na kwenye kiasi kwa maneno, anatazama "laki tatu" kama imebanwa kati ya "mbili" na "elfu", kama herufi zake ni ndogo kuliko za jirani, kama nayo ni ya kaboni au ya wino.

Cha mwisho ni mstari wa mashine. Kama umechapwa 2,085,000, suala limekwisha upande wa benki: keshia alipokea na kuingiza 2,085,000, karatasi ikamwambia mweka hazina hivyo siku ileile. Maandishi ya mkono yaliyo juu yake hayana uzito mbele ya mstari huo, isipokuwa mweka hazina aeleze kwa nini aliondoka bila kulalamika. Kama umechapwa 2,385,000 na taarifa ya akaunti inasema 2,085,000, basi kuna jambo lilifanyika ndani ya mfumo baada ya mweka hazina kuondoka, na benki ndiyo yenye deni la maelezo. Muamala wa awali ulifutwa na kuingizwa upya. Kufutwa huko lazima kuwe kumeacha alama, na namba ya kumbukumbu itaifikia.

Hali ngumu ni pale mstari haupo au umefifia hausomeki. Hapo ndipo zinapoitwa zile kumbukumbu nyingine.

Kuiandikia benki

Barua iandikwe na waweka saini wa akaunti, si na mwanachama mmoja mwenye hasira, kwa sababu benki ina wajibu wa siri na haiwezi kutoa habari za akaunti kwa asiye na mamlaka nayo. Itaje namba ya akaunti, tarehe, tawi, kiasi kinachodaiwa, namba ya keshia kama inasomeka kwenye muhuri, na iambatishwe na kivuli cha slipu. Slipu halisi isikabidhiwe kwa yeyote, hata meneja akiomba "kuiangalia kidogo ofisini". Aione mezani, mbele yenu, kisha irudi kwenye faili.

Ombeni mambo matatu. Kwanza, nakala ya slipu iliyobaki benki. Hii ndiyo inayokata mzizi: kama ya benki imeandikwa 2,085,000 na yenu 2,385,000, basi yenu iliguswa baada ya kuachana, kwa sababu kaboni haiwezi kuzaa tarakimu ambayo haikuandikwa juu. Kama ya benki nayo ni 2,385,000, mweka hazina amesafishika na keshia ndiye wa kuulizwa.

Pili, hesabu ya kufunga droo ya keshia huyo kwa tarehe 11 Machi. Kila jioni keshia anachukua fedha alizoanza nazo, anajumlisha alizopokea, anatoa alizolipa, na jibu lazima lilingane na fedha zilizo mezani. Kama alipokea 2,385,000 na kwa bahati mbaya akaingiza 2,085,000, jioni ile alikuwa na ziada ya laki tatu asiyojua imetoka wapi. Ziada za namna hiyo huandikwa na kuwekwa pembeni zikisubiri mwenyewe. Ikionekana ziada ya 300,000 tarehe hiyo, kikundi kitarudishiwa fedha zake bila vita. Isipoonekana, haimaanishi moja kwa moja kwamba keshia ni msafi, kwa maana aliyekusudia kuiba hawezi kuacha ziada kwenye droo. Inamaanisha tu kwamba kosa la bahati mbaya limeondoka kwenye orodha.

Tatu, picha za kamera ya ulinzi. Hizi ziombwe mapema mno, hata kabla barua haijajibiwa, kwa kuwa mitambo ya kamera hurekodi juu ya picha za zamani baada ya muda. Kikundi cha mfano wetu, kilichogundua mwezi Mei jambo la Machi, huenda kimechelewa. Ndiyo faida ya kuchukua taarifa ya akaunti kila mwezi na kulinganisha slipu moja baada ya nyingine, badala ya kusubiri mgao.

Ambacho slipu haithibitishi

Hata slipu safi kabisa haisemi fedha zilikuwa za nani. Mweka hazina anaweza kuchukua michango ya Machi akaitumia, kisha akaweka michango ya Aprili na kuiita ya Machi. Slipu itakuwa ya kweli, muhuri wa kweli, kiasi sahihi. Ni tarehe tu itakayomfichua, kwa sababu fedha zilizokusanywa tarehe 10 Machi zitakuwa zimewekwa tarehe 8 Aprili. Kwa hiyo ukikagua, usilinganishe kiasi peke yake. Andika tarehe ya stakabadhi za michango na tarehe ya slipu sambamba, utazame umbali kati yake. Umbali unaokua mwezi hadi mwezi ni dalili mbaya kuliko upungufu wa mara moja.

Slipu ya hundi nayo si slipu ya fedha taslimu, ingawa inaweza kugongwa muhuri na keshia yuleyule. Muhuri kwenye hundi unasema karatasi ya hundi imepokelewa ili ikadaiwe; hundi ikirudi bila kulipwa, hakuna fedha iliyoingia. Hakikisha slipu unayoonyeshwa imejazwa sehemu ya fedha taslimu.

Wakala wa benki hagongi muhuri wa tawi. Risiti yake inatoka kwenye mashine yenye karatasi ya joto, na nguvu yake yote iko kwenye namba ya muamala pamoja na ujumbe wa simu unaofuata. Karatasi hiyo hufifia, hasa ikiachwa kwenye mkoba wa plastiki au juani. Itolee kivuli siku hiyohiyo na uhifadhi vyote viwili. Wakala akikuandikia risiti kwa mkono na kuigonga muhuri wa duka lake akisema "mtandao unasumbua, nitaingiza baadaye", chukua fedha zako urudi nazo.

Ikifika mahakamani

Anayedai kwamba aliweka fedha ndiye anayetakiwa kuthibitisha, na slipu yenye muhuri inamsogeza mbali: benki ikikana, itabidi ieleze muhuri wake ulifikaje pale. Lakini slipu inaweza kupingwa, na kinachotumika sana kuipinga ni vitabu vya benki yenyewe. Sheria za Ushahidi za Tanzania, Sura ya 6, na za Kenya, Sura ya 80, zote zina vifungu kuhusu vitabu vya benki, vikifuata njia iliyoanzishwa na sheria ya Uingereza ya mwaka 1879. Vinaruhusu nakala ya maingizo ya benki, ikithibitishwa na afisa wa benki kwa namna inayotakiwa, ipokewe kama ushahidi bila kubeba leja zenyewe hadi kortini. Upande wenu mtaleta slipu halisi, daftari la michango, na mtu aliyesimama dirishani siku ile. Mwanasheria wenu ataomba nakala iliyothibitishwa ya muamala wenye namba ile ya kumbukumbu, pamoja na slipu iliyobaki benki, ili hakimu aziweke mbili kando kwa kando na kutazama tarakimu ya pili.